Kadi Imekufa, Pesa Zinarudi Wapi?

Tuchukue mfano wa mwalimu mmoja wa Morogoro. Tarehe 14 Januari 2025 analipia huduma ya mtandaoni ya kuandalia masomo, dola 60 kwa mwaka mzima, kwa kadi ya Visa aliyopewa na benki yake. Kadi hiyo inaishia na tarakimu 4417. Siku kumi na moja baadaye anaibiwa pochi kwenye daladala. Anapiga simu benki, kadi inafungwa, na baada ya siku chache anakabidhiwa nyingine inayoishia na 9032. Mwanzoni mwa Februari anaona huduma ile haimfai, na kwa kuwa masharti yanamruhusu kujitoa ndani ya siku 30, anaomba arudishiwe pesa. Muuzaji anakubali bila ubishi. Lakini ujumbe anaotumiwa unasema pesa zimerudishwa kwenye Visa inayoishia na 4417.

Hapo roho inamruka. Kadi ya 4417 ndiyo iliyoibwa. Je, mwizi ndiye atakayezipokea? Anamwandikia muuzaji kumwomba azielekeze kwenye kadi mpya, naye anajibiwa kwamba haiwezekani.

Mwalimu huyu hajapoteza kitu. Ili tuelewe kwa nini, tufuate njia inayopitwa na pesa zinaporudi.

Namba ya kadi ni anwani

Muuzaji anaporudisha pesa, hatumi malipo mapya kwa mtu. Anaufungua muamala ule ule wa Januari kwenye mfumo wake na kuamuru urudishwe. Amri hiyo inakwenda kwa benki ya muuzaji, kutoka hapo kwenye mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, kisha kwa benki iliyotoa kadi. Tarakimu sita au nane za mwanzo wa namba ya kadi ndizo zinazoueleza mtandao ni benki gani ya kupelekewa. Tarakimu zinazofuata huieleza benki hiyo ni mteja gani.

Kwa hiyo plastiki aliyoondoka nayo mwizi haina pesa ndani yake. Pesa ziko kwenye akaunti, na kadi ni njia ya kuifikia. Benki inapofunga kadi iliyoibwa, inazuia pesa kutoka kwa namba ile, lakini haifuti kumbukumbu kwamba 4417 ilikuwa ya mwalimu na kwamba sasa anatumia 9032. Dola 60 zikifika na anwani ya zamani, benki huangalia kumbukumbu hiyo na kuziingiza kwenye akaunti ile ile, au kwenye kadi mpya kama ilikuwa kadi ya mkopo.

Kukataa kwa muuzaji nako kuna sababu. Kanuni za mitandao ya kadi zinataka pesa zirudi kwenye kadi iliyolipa. Lau ingekuwa rahisi kulipa kwa kadi moja na kurudishiwa kwenye nyingine, mwizi wa kadi angenunua kwa kadi ya mtu, akaghairi, kisha akaelekeza pesa kwake. Njia nyingine huruhusiwa pale kadi ya awali ilipofungwa na pesa zikashindwa kufika. Hivyo mtu anayekuandikia kwamba ili urudishiwe pesa ni lazima umtumie namba ya kadi mpya pamoja na namba ya siri, au tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako, usimpe. Kurudisha pesa hakuhitaji siri yoyote ya mteja.

Jambo moja huwachanganya watu zaidi. Mitandao ya kadi ina huduma ya kuwapelekea wauzaji namba mpya benki inapobadilisha kadi: Visa inaiita Visa Account Updater, na Mastercard inaiita Automatic Billing Updater. Si kila benki wala kila muuzaji anayeitumia, lakini ikiwapo, huduma unayolipia kila mwezi inaweza kuendelea kukata kwenye kadi mpya hata kama hukuwahi kuiandika popote. Mtu aliyelipa miezi miwili kwa kadi ya zamani na miwili kwa kadi mpya, akirudishiwa yote, ataona pesa zimekuja vipande vinne, kila kipande kikifuata kadi iliyolipa mwezi wake. Kadi inayoonekana leo kwenye ukurasa wa malipo haiamui chochote. Kinachoamua ni risiti ya muamala wenyewe.

Akaunti nayo ikiwa imefungwa

Mambo hubadilika pale mteja alipoachana na benki kabisa. Tuseme mwalimu wetu aliifunga akaunti na kuhamia benki nyingine. Pesa bado zitakwenda kwa benki ya zamani, kwa sababu ndiyo inayomiliki namba ya 4417. Benki mpya haijui lolote kuhusu muamala huo, na kuisumbua ni kupoteza siku.

Benki ya zamani ikipokea pesa zisizo na akaunti, ina njia mbili. Ya kwanza ni kuzikataa, nazo zikarudi kwa muuzaji. Ya pili ni kuzipokea na kuziweka kwenye akaunti ya ndani ya kusubiria hadi mwenyewe apatikane, kisha kumlipa kwa hundi au kwa kuzihamishia anakotaka. Njia hii ya pili ndiyo inayosahauliwa. Simu ya mteja imebadilika, barua haifiki, na pesa zinakaa benki huku yeye akiamini muuzaji amemdhulumu.

Zikikataliwa, muuzaji ataona kwenye mfumo wake kwamba urejeshaji umeshindikana. Kwa wanaotumia Stripe, kwa mfano, hali ya urejeshaji hubadilika na kusomeka `failed`, na kiasi kile hurudi kwenye salio la muuzaji. Jibu hilo linaweza kuchelewa wiki kadhaa. Ndiyo maana huduma kwa wateja inaweza kukuambia kwa nia njema kwamba pesa zilishatumwa, kumbe zimerudi kwao baada ya hapo. Waombe waangalie hali ilivyo leo. Ikiwa zimerudi, sasa wana sababu halali ya kukulipa kwa njia nyingine.

Kadi za mtandaoni zinazotengenezwa ndani ya simu, kama ile ya M-Pesa GlobalPay ya Kenya, zinafuata kanuni hiyo hiyo, ila kuna mtego. Watu wengi hutengeneza kadi kwa ajili ya malipo moja kisha huifuta, wakiamini wamejilinda. Kadi ikishafutwa, tarakimu zake za mwisho hazionekani tena kwenye programu, na mara nyingi mwenyewe hajui ni taasisi gani iliyoitoa. Andika tarakimu nne za mwisho kabla ya kuifuta, na usome masharti ya programu, kwani humo ndimo linamotajwa jina la mtoaji wa kadi. Kadi ya kulipia kabla, ile inayonunuliwa ikiwa na salio lake, usiitupe hata likiisha: pesa zikirudi, zitaingia humo.

Tarakimu 23 za kufuatia nyayo

Kwa kawaida pesa huonekana ndani ya siku 5 hadi 10 za kazi. Kabla ya kulalamika, soma taarifa ya akaunti kwa makini, kwa sababu zipo hali mbili zinazofanana na kukosa pesa ilhali umezipata. Muuzaji akirudisha mapema sana, muamala wa awali unaweza kufutika wenyewe, na hutaona mstari wowote wa pesa iliyoingia. Hali ya pili ni kiasi kutolingana. Tuseme Januari benki ilihesabu dola moja kwa shilingi 2,600, hivyo mwalimu akakatwa shilingi 156,000. Siku ya kurudishiwa benki ikahesabu dola kwa 2,500. Atapata shilingi 150,000. Zile 6,000 hazikubaki kwa muuzaji, kwani yeye amerudisha dola 60 kamili. Zimeliwa na tofauti ya viwango vya kubadilishia fedha.

Siku 10 za kazi zikipita na hakuna kitu, muulize muuzaji namba inayoitwa ARN. Ni mfuatano wa tarakimu 23 unaoambatana na muamala unapopita kutoka benki ya muuzaji kwenda benki ya mteja. Taarifa ya kwamba "tumeshatuma" haimsaidii mfanyakazi wa benki kutafuta. Tarakimu hizi zinamsaidia.

Nawe unaweza kuisoma sehemu yake. Tarakimu ya 8 hadi ya 11 ni tarehe: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na tatu zinazofuata ni siku ya ngapi ya mwaka huo. Mwalimu akikuta 5034, ni mwaka 2025, siku ya 34, yaani tarehe 3 Februari. Hiyo inalingana na siku aliyorudishiwa. Akikuta 5014 au 5015, ni katikati ya Januari, maana yake amepewa kwa bahati mbaya namba ya manunuzi, na benki ikiitafuta itaona pesa zikitoka tu. Arudi kwa muuzaji aombe namba ya urejeshaji.

Akiwa na namba sahihi, aende kwenye benki iliyotoa kadi ya zamani, hata kama si mteja wake tena, akiwa na kitambulisho, ujumbe wa muuzaji na taarifa ya akaunti inayoonyesha malipo ya awali. Ombi lake liwe mahususi: "Dada, kuna dola 60 zilizoletwa kwa kadi yangu ya zamani inayoishia na 4417. Namba yake ya ARN ni hii. Naomba mniangalizie kama mlizipokea, na kama mlizipokea, ziko akaunti gani." Swali hilo lina majibu matatu tu: zimeingia, zinasubiri, au zimekataliwa. Kila jibu linaonyesha nani anazishika sasa.

Muuzaji akishindwa kabisa kutoa ARN, huenda hakutuma chochote. Hapo benki ile ile ya zamani inaweza kufungua pingamizi la muamala kwa niaba ya mteja, kwa sababu ya pesa zilizoahidiwa zisirudishwe. Muda wa kufanya hivyo una kikomo, kwa kawaida siku 120, kwa hiyo ujumbe wa muuzaji wenye tarehe ya ahadi ni wa kutunza.

Mwalimu wetu hakuhitaji kufika huko. Akaunti yake ilikuwa hai, imebadilika kadi tu. Akifungua taarifa ya akaunti katikati ya Februari, ataziona shilingi 150,000 zimeingia. Na mwizi anayetembea na ile ya 4417 mfukoni hatajua hata kama kuna pesa zilizopita kwa namba hiyo.