Umetapika baada ya kumeza dawa: je, umeze tena?

Wasikilizaji wetu wengi hufuatilia matangazo wakiwa mbali na zahanati, na swali hili hutokea usiku, wakati hakuna wa kuuliza. Mtoto amepewa dawa, dakika chache baadaye ametapika. Mama anabaki na pakiti mkononi: ampe tena, na huenda ikawa dozi mbili, au aache, na huenda ikawa hakuna dozi kabisa?

Kitu cha kwanza cha kutazama ni saa. Kidonge kikimezwa hukaa kwanza tumboni, kikayeyuka, kisha dawa ikashuka kwenye utumbo mwembamba. Sehemu kubwa ya dawa huingia kwenye damu ikiwa huko utumboni. Kwa hiyo anayetapika dakika 5 baada ya kumeza ametoa karibu dawa yote, lakini anayetapika baada ya saa kadhaa ametoa chakula na maji tu, dawa imeshapita. Ndiyo maana tunashauri jambo moja dogo: kila unapompa mtu dawa, tazama saa kwenye simu yako na uikumbuke.

Tuchukue mfano wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyepimwa na kuonekana ana nimonia, ile ambayo wengi tunaiita kichomi. Amepewa amoksilini ya watoto, vile vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyushwa katika maji. Kwa umri wake ni vidonge 2 asubuhi na 2 jioni kwa siku 5, jumla vidonge 20. Saa 1 jioni mama anaviyeyusha katika maji safi kidogo na kumnywesha. Saa 1 na dakika 10 mtoto anatapika.

Kanuni wanayofundishwa wahudumu wa afya kwa mtoto kama huyu ni nusu saa. Akitapika kabla ya dakika 30 kwisha, dozi ile inarudiwa nzima, siyo nusu. Lakini usimpe papo hapo, kwa sababu tumbo bado limechafuka na atatapika tena. Mfute, mtulize, subiri kama dakika 10, kisha yeyusha vidonge vingine 2 umpe taratibu kwa kijiko. Kama ananyonya, unaweza kuviyeyusha katika maziwa yako uliyokamua.

Akitapika baada ya nusu saa kupita, usirudie. Subiri dozi ya asubuhi na umpe kwa saa yake, bila kuongeza kitu. Tunajua kuna wanaochungulia matapishi kutafuta kidonge. Kwa kidonge kilichomezwa kizima hilo linasaidia kweli: ukikiona hakijayeyuka, ujue hakijafanya kazi. Lakini kwa dawa iliyoyeyushwa hutaona kitu, hata kama imetoka yote. Hapo ni saa tu itakayokuambia.

Sasa liko jambo ambalo watu wengi hulisahau. Mama yule alipewa vidonge 20, hesabu kamili ya siku 5. Jioni ile ametumia 4 badala ya 2. Akiendelea kama kawaida, siku ya tano atampa dozi ya asubuhi na jioni pakiti itakuwa tupu. Wengi hapo husema, basi, dawa imekwisha, mtoto ameshapona. Dozi inakuwa imekatika kabla ya muda wake. Kesho yake, au siku yoyote kabla ya pakiti kwisha, mama arudi kwa mhudumu wa afya aliyempa dawa, amweleze kuwa dozi moja ilitapikwa, na aombe vidonge 2 vya kufidia.

Na kama mtoto ametapika hata ile dozi ya pili? Usijaribu ya tatu nyumbani. Mtoto anayetapika kila anachopewa, au anayeshindwa kunyonya au kunywa, aliyelegea asiamke vizuri, aliyepata degedege, au ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe kituo cha afya hata kama ni usiku. Anaweza kuhitaji dawa ya sindano, kwa sababu njia ya mdomo imeshindwa.

Kwa vidonge vya uzazi wa mpango muda ni mwingine: ni saa mbili nzima tangu kumeza. Tuseme dada anameza kidonge chake kila siku saa 3 usiku. Jumanne amemeza, na saa 4 na nusu akatapika. Imepita saa moja na nusu, kwa hiyo anahitaji kumeza kingine mara tumbo linapotulia. Angetapika saa 5 na nusu, asingehitaji kufanya lolote.

Anatoa wapi hicho kingine? Katika pakiti nyingi za vidonge 28, vidonge 21 vina homoni na 7 vya mwisho, mara nyingi vya rangi ya kahawia, havina. Vile huwa na madini ya chuma tu, na vimewekwa ili asisahau kumeza kila siku. Kosa tunalotaka uliepuke ni kumeza cha kahawia kama fidia, kwa kuwa hakizuii mimba. Achukue kinachofuata chenye homoni, yaani kile kilichoandikwa Jumatano, akimeze Jumanne usiku huo. Jumatano ameze cha Alhamisi, na kuendelea hivyo. Maandishi ya siku yatakuwa mbele kwa siku moja na pakiti itakwisha siku moja mapema. Hilo halina ubaya, mradi aanze pakiti mpya mara ya zamani inapokwisha.

Akiugua na kutapika sana au kuhara sana kwa zaidi ya siku 2, aendelee kumeza kidonge kila siku, lakini asivitegemee. Atumie kondomu mpaka awe amepona na kumeza vidonge vya homoni siku 7 mfululizo. Kama hayo yametokea katika wiki ya tatu ya pakiti, amalize vidonge vya homoni, aache vile 7 vya kahawia, na aanze pakiti mpya bila kupumzika. Kidonge cha dharura, kile mnachokiita P2, nacho kina muda wa saa mbili: akitapika kabla ya hapo, atafute dozi nyingine haraka iwezekanavyo.

Ziko dawa ambazo hatupendi mtu ajirudishie mwenyewe hata akitapika mapema: za moyo, za kisukari, za kifafa, za kuzuia damu kuganda, na za maumivu makali zinazotolewa hospitali. Hizo zikizidi kidogo zinaweza kudhuru. Piga simu kwanza kwa kituo kilichokupa dawa, na uwe na mambo manne tayari: jina la dawa kama lilivyoandikwa kwenye pakiti, saa uliyomeza, saa uliyotapika, na kama umekiona kidonge au hapana.