Delta Kuwa Nyota: Namna ya Kulifungua Daraja la Rezista

Sakiti nyingi za rezista hutatuliwa kwa kanuni mbili tu. Rezista zilizofuatana, yaani zile ambazo mkondo uleule hutoka katika moja na kuingia wote katika nyingine, hujumlishwa ukinzani wake. Rezista zilizo sambamba, ambazo ncha zake zote mbili zimekutana, huzidishwa kisha zao likagawanywa kwa jumla yake. Kwa kanuni hizo mbili, sakiti yenye rezista kumi huweza kupunguzwa hatua kwa hatua mpaka ibaki moja. Ipo sakiti ya rezista tano tu, hata hivyo, inayozigomea kanuni zote mbili. Nayo ni daraja.

Daraja lina nukta nne. Nukta A iko juu na imeunganishwa na upande chanya wa betri, nukta D iko chini na imeunganishwa na upande hasi. Kati yake kuna njia mbili za kuteremka: ya kushoto hupitia nukta B, ya kulia hupitia nukta C. Kila njia ina rezista mbili, moja juu na moja chini. Rezista ya tano imelazwa katikati kutoka B hadi C, kama ubao uliotupwa juu ya mtaro, na ndiyo iliyoipa sakiti jina lake. Mwingereza Samuel Hunter Christie aliueleza mpangilio huu mwaka 1833. Charles Wheatstone aliutangaza mwaka 1843, na ingawa yeye mwenyewe alimtaja Christie, jina lililobaki ni daraja la Wheatstone.

Tuseme rezista ya A hadi B ni Ω 20, ya A hadi C ni Ω 30, ya B hadi D ni Ω 35, ya C hadi D ni Ω 15, na ile ya katikati, B hadi C, ni Ω 50. Betri ni ya volti 12. Kinachotafutwa ni mkondo unaotoka kwenye betri, na mkondo unaovuka daraja.

Jicho la haraka litasema kwamba 20 na 35 zimefuatana. Hazikufuatana. Mkondo ukishuka kutoka A na kufika B, sehemu yake hukengeuka na kupita kwenye ile Ω 50, kwa hiyo kinachoingia katika Ω 35 si kile kilichotoka katika Ω 20. Wala 20 na 30 haziko sambamba, kwa sababu zimekutana upande wa A peke yake. Ukizungukia rezista zote tano hutapata hata jozi moja iliyofuatana au iliyo sambamba. Kuna hali moja tu ya nafuu: uwiano wa juu kwa chini ukiwa sawa pande zote mbili, B na C huwa na volti sawa, hakuna mkondo unaovuka, na rezista ya kati yaweza kuondolewa bila kubadili chochote. Hapa 20 kwa 35 si sawa na 30 kwa 15. Daraja halilingani.

Njia ya kutokea iko katika umbo la sakiti yenyewe. Rezista za A-B, A-C na B-C zimefunga pembetatu, na pembetatu hiyo huitwa delta kwa kuwa yafanana na herufi Δ ya Kigiriki. Arthur Kennelly, mhandisi aliyezaliwa karibu na Bombay na kufanya kazi yake Marekani, alionyesha mwaka 1899 kwamba delta yoyote ya rezista inaweza kuwekewa badala yake nyota: rezista tatu zinazotoka A, B na C na kukutana kwenye nukta moja ya katikati. Mafundi wa mota wanayajua majina hayo hayo mawili kwa sababu mota kubwa huwashwa katika nyota kisha ikahamishiwa delta, ila hapa hakuna swichi inayohamishwa. Kinachobadilika ni mchoro wa karatasini.

Sharti la ubadilishaji ni moja. Mtu aliyeshika mita nje ya sanduku lenye ncha tatu A, B na C asiweze kutambua kama ndani mna delta au nyota. Akipima kati ya A na B huku C ikiachwa wazi, delta yetu itampa nini? Si Ω 20, kwani Ω 30 na Ω 50 zilizofuatana upande wa pili, jumla Ω 80, ziko sambamba na ile 20. Mara 20 kwa 80 gawanya kwa 100, jibu ni Ω 16. (Kwa sababu hiyohiyo fundi wa redio anayepima rezista bila kuing'oa kwenye bodi mara nyingi husoma namba ndogo kuliko ile inayotajwa na mistari ya rangi, akadhani imeharibika kumbe nzima.) Kati ya A na C mita itasoma 30 mara 70 gawanya kwa 100, yaani Ω 21. Kati ya B na C itasoma 50 mara 50 gawanya kwa 100, yaani Ω 25.

Katika nyota, vipimo hivyo ni rahisi zaidi, kwa kuwa mguu usioguswa haupitishi kitu. Mguu wa A pamoja na mguu wa B lazima vifanye 16, A na C vifanye 21, B na C vifanye 25. Ukijumlisha 16 na 21 umehesabu mguu wa A mara mbili, pamoja na wa B na wa C mara moja. Toa 25 inayowakilisha B na C, zinabaki 12, ambazo ni A mbili. Basi mguu wa A ni Ω 6, wa B ni Ω 10, na wa C ni Ω 15.

Hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa herufi huzaa kanuni fupi:

```
RA = RAB × RAC / (RAB + RAC + RBC)
RB = RAB × RBC / (RAB + RAC + RBC)
RC = RAC × RBC / (RAB + RAC + RBC)
```

Kwa maneno: mguu wa nukta fulani ni zao la rezista mbili za delta zinazoigusa nukta hiyo, likigawanywa kwa jumla ya zote tatu. Kosa linalowapata wengi ni kuichukua rezista iliyo mkabala na nukta badala ya zile mbili zinazoigusa. Kosa hilo mara nyingi hujifichua, maana kila mguu wa nyota lazima uwe mdogo kuliko kila moja ya rezista mbili zilizouzaa. Mguu wa A ni 6, ambayo ni chini ya 20 na chini ya 30. Ukipata mguu wa A ulio mkubwa kuliko 20, rudi nyuma.

Sasa daraja limefunguka. Kutoka A mkondo wote hupita kwanza kwenye Ω 6 hadi nukta ya katikati, ambayo tuiite N. Kutoka N upande wa kushoto kuna 10 kisha 35, na safari hii zimefuatana kweli, jumla Ω 45. Upande wa kulia kuna 15 kisha 15, jumla Ω 30. Njia hizi mbili ziko sambamba: 45 mara 30 gawanya kwa 75 ni Ω 18. Ongeza zile 6, daraja zima ni Ω 24, na betri ya volti 12 hutoa ampea 0.5.

Kabla ya kuendelea kuna kipimo cha akili ambacho hakihitaji nyota hata kidogo. Ile Ω 50 ingekatwa kabisa, zingebaki 55 sambamba na 45, yaani Ω 24.75. Ingebadilishwa kwa waya mtupu, zingekuwa 20 sambamba na 30, kisha 35 sambamba na 15, jumla Ω 22.5. Jibu la kweli halina budi kukaa kati ya hizo mbili, na 24 imekaa hapo. Jibu lolote lililo nje ya mipaka hiyo ni kosa, hata kama hesabu yake imeandikwa vizuri namna gani.

Kuhusu mkondo wa darajani, ampea 0.5 hugawanyika kwenye N: 0.2 kushoto na 0.3 kulia. Kwa hiyo volti ya B, ikipimwa kutoka D, ni 0.2 mara 35, sawa na volti 7. Ya C ni 0.3 mara 15, sawa na volti 4.5. Hapo nyota imemaliza kazi yake na yafaa kuachwa, turudi kwenye sakiti halisi tukiwa na volti za nukta zilizopo kweli. Tofauti ya B na C ni volti 2.5, na ikigawanywa kwa Ω 50 inatoa ampea 0.05 inayotoka B kwenda C. Rezista ya A-B ina volti 5 na hupitisha ampea 0.25. Ile ya A-C ina volti 7.5 nayo hupitisha ampea 0.25. Jumla ni ile 0.5 ya betri. Kwenye B zinaingia 0.25, zinatoka 0.2 kwenda chini na 0.05 kuvuka. Kila kitu kimekaa.

Delta ya chini, B-C-D, nayo ingefaa. Jumla yake pia ni 100, miguu inakuwa 17.5 kwa B, 7.5 kwa C na 5.25 kwa D. Kushoto 20 na 17.5, kulia 30 na 7.5, pande zote mbili Ω 37.5. Nusu yake ni 18.75, ongeza 5.25, jibu ni Ω 24 ileile. Anayetaka kuhakiki kazi yake afanye hivi badala ya kurudia hesabu ya kwanza, kwa sababu anayerudia hesabu ileile hurudia na kosa lake.

Usawa wa delta na nyota unaishia kwenye ncha tatu. N haipo popote kwenye bodi. Hesabu inasema ina volti 9, lakini hakuna mahali pa kugusisha mita ukazisoma. Joto pia hubadilika mgawanyo. Nyota yetu hutumia wati 3.25 kwa jumla, sawasawa na delta, lakini katika nyota mguu unaotumia nyingi kuliko yote, ule wa A, una wati 1.5. Katika delta halisi, Ω 30 ya A-C peke yake hutumia wati 1.875 na ile ya katikati wati 0.125. Atakayenunua rezista kwa kufuata wati za nyota, akaweka ya wati 1.5 kwenye A-C, atakuwa ameizidishia mzigo kuliko kiwango chake.