Mtazamaji Anayetaka Kola Tu

Fundi anarekodi somo la dakika 42 la kukata na kushona shati la kiume, kuanzia kupima mwili hadi matundu ya vifungo. Analiweka YouTube. Siku chache baadaye mwenzake aliyekwama kwenye kola anaifungua ile video, anasikiliza dakika mbili za maelezo ya vitambaa, anasogeza mbele kwa kubahatisha, anakuta mikono inashonwa, anaondoka. Alichokitaka kilikuwemo, dakika ya 23.

Tangu mwaka 2020 YouTube inaruhusu video igawanywe sura. Mwenye video anaandika muda na jina la kila sehemu kwenye maelezo yaliyo chini ya video, hivi:

```
0:00 Kuchagua kitambaa
3:10 Kupima mwili
11:45 Kukata kitambaa
23:05 Kushona kola ya shati
31:30 Kushona mikono
37:40 Matundu ya vifungo
```

Masharti ni machache lakini hayana huruma. Sura ya kwanza lazima ianzie 0:00, sura zisipungue tatu, zifuatane kwa muda, na kila moja iwe na sekunde 10 au zaidi. Sharti moja likivunjwa, mgawanyo ulioandika hautokei. Kagua mstari wa muda chini ya picha: ukikatika vipande vipande, umefaulu.

Je, sura huwafanya watu wakae zaidi? Wengi hutegemea hivyo, kisha hushtuka wastani wa muda wa kutazama unaposhuka. Chukua mfano wa watazamaji 10. Kabla ya sura, sita wanaondoka dakika ya pili na wanne wanatazama dakika 20 kila mmoja. Jumla ni dakika 92, yaani wastani wa 9.2. Baada ya sura, wanne kati ya wale sita wanaruka hadi kwenye kola na kutazama dakika saba kila mmoja, wawili wanaondoka kama zamani. Katika wale waliokuwa wakikaa, wawili wanabaki na dakika zao 20, lakini wawili wengine nao wanaruka na kutosheka na dakika nane. Jumla imekuwa 88, wastani 8.8.

Namba imeshuka, lakini waliotoka mikono mitupu wamepungua kutoka sita hadi wawili. Kwa somo la ufundi, mimi naihesabu hiyo kuwa faida. Mtu anayejifunza kola hana deni la kutazama mifuko.

Kwa hiyo usiutazame wastani peke yake. Fungua YouTube Studio, utafute mchoro unaoonyesha watazamaji wangapi wamebaki katika kila sehemu ya video. Sura zikitumika, mchoro huacha kuteremka taratibu, ukawa na vilima. Kilima kinachoanzia 23:05 kinaonyesha kwamba watu wanarukia hapo, au wanairudia sehemu hiyo. Kinachofuata ndicho cha kusoma kwa makini. Kilima kikiporomoka mara moja, huenda jina la sura liliahidi kola lakini fundi bado anatafuta mkasi. Kilele kikija karibu dakika nzima baada ya alama, watu wamefika mapema mno na wanalazimika kusogeza tena. Sahihisha muda ulioandika.

Upande wa utafutaji, sura hubadilisha sura ya video yenyewe kwenye matokeo. Tangu Agosti 2021, mtu anayetafuta ndani ya YouTube anaweza kuona sura za video pamoja na picha zake, akagusa moja na kuanzia hapo. Google nayo huweza kuonyesha chini ya video vipande vyenye muda na majina, ikiyachukua kwenye maelezo uliyoandika. Haiahidi kuvionyesha kila mara, na kuvipata si sawa na kupandishwa juu ya wengine. Kinachobadilika ni kwamba anayetafuta kola anaona neno kola kabla hajagusa chochote. Ndiyo maana jina kama "Sehemu ya 4" halina kazi hapo. Andika maneno ambayo fundi aliyekwama angeyaandika mwenyewe kwenye simu.

Ukiongeza sura kwenye video ya zamani, linganisha siku 28 za kabla na 28 za baada, ukitenganisha watazamaji waliotoka kwenye utafutaji na waliopendekezewa video. Na chagua majira. Anayefundisha kushona sare za shule akiweka sura mwishoni mwa Desemba, ongezeko la Januari laweza kuwa la shule kufunguliwa tu. Mchoro wa vilima hauyumbishwi sana na hilo, kwa sababu hupima waliobaki kati ya waliokuja, wawe wengi au wachache. Kilima cha kola kikisimama vilevile Machi, fundi ana sababu ya kuirekodi kola peke yake, kwa dakika nane.