Mama yako alikoma hedhi akiwa na miaka mingapi?

Mama mmoja wa miaka 38, anayeshusha karoti na kabichi kutoka Mgeta kuja kuuza mjini Morogoro, alikaa miezi minane bila kuona siku zake. Jirani zake sokoni walishaamua kuwa ni mjamzito. Yeye alilaumu sindano ya uzazi wa mpango, ingawa alikuwa ameiacha karibu miaka miwili.

Kliniki walianza na kipimo cha mimba. Haikuwepo. Sindano nayo huweza kuchelewesha hedhi hata mwaka mzima baada ya kuachwa, lakini muda huo ulikuwa umepita. Ndipo muuguzi alipomuuliza swali ambalo hakulitegemea: mama yake alikoma hedhi akiwa na miaka mingapi?

Hakujua. Milimani Uluguru binti akivunja ungo hufundwa, lakini habari za kukoma hazina somo wala ngoma. Alipompigia simu mama yake, bibi huyo hakukumbuka mwaka. "Mwanangu, mdogo wako wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza," alisema. Walipopiga hesabu, ikaja miaka 41.

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, wengi wao wakikaribia 50. Kabla ya 45 huhesabiwa kuwa mapema, na kabla ya 40 ni tatizo linalohitaji daktari. Kwa mwanamke wa umri wa kawaida, hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu.

Ambaye mama au dada yake aliwahi kukoma ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwahi. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, ila mwili hurithi pande zote mbili, kwa hiyo hata shangazi anafaa kuulizwa.

Sigara nayo huchangia. Sumu za moshi huharibu mayai yaliyomo kwenye ovari, na mvutaji hukoma kwa wastani mwaka mmoja hadi miwili kabla ya asiyevuta. Aliyeacha hupunguza hasara hiyo. Tiba ya saratani, au upasuaji wa kuondoa ovari zote mbili, huweza kusimamisha hedhi kabisa. Kuondolewa kizazi peke yake hukata damu tu, ovari zikiachwa huendelea kufanya kazi.

Mama wa Mgeta hajawahi kuvuta. Alipimwa homoni kwenye damu mara mbili, kwa tofauti ya wiki sita, kwa kuwa kipimo kimoja huweza kudanganya. Vyote vilionyesha ovari zimechoka. Ameanzishiwa vidonge vya homoni, ambavyo kwa kawaida hutumika hadi karibu miaka 50, kwa sababu mifupa na moyo hukosa kinga ya estrojeni mapema mno. Ameonywa pia kwamba vidonge hivyo si kinga ya mimba: wachache wenye hali yake hushika mimba bila kutarajia.

Mdogo wake ana miaka 33 na bado hajazaa. Wiki iliyofuata alipanda gari la Morogoro, naye akapimwe.