Presha kuka ya umeme na mtihani wa maharage

Muuzaji wa vyombo vya umeme husifia kwanza vitufe: cha wali, cha nyama, cha supu, mpaka cha keki. Kwa sehemu kubwa vitufe hivyo hubadilisha muda na kiwango cha joto tu. Anayetaka kujua ubora wa presha kuka aipe maharage makavu ambayo hayajalowekwa.

Tuseme ni ya lita 6, yenye hita ya wati 1000. Nusu kilo ya maharage huoshwa, hutiwa maji lita moja na nusu na kijiko cha mafuta ya kupunguza povu, kisha muda hupangwa dakika 45. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu, kwa kuwa dakika hizo huanza kuhesabiwa baada ya presha kupanda, na maji ya baridi huchukua kama robo saa kufikia hatua hiyo. Mwishoni presha nayo huhitaji muda wa kushuka yenyewe. Maharage ya dakika 45 basi huiva baada ya saa moja na ushee, na bado ni nafuu kubwa kwa chakula ambacho kwenye mkaa huchukua saa mbili au zaidi.

Umeme je? Hita ya wati 1000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika hula uniti moja. Hii huwaka na kuzima presha ikishapanda, hivyo sufuria nzima haifikishi uniti. Mwenye LUKU asome mita kabla na baada, vyombo vingine vikiwa vimezimwa.

Kelele ni kipimo kizuri cha usalama. Presha kuka ya umeme iliyo nzima hutoa mvuke kidogo mwanzoni, kipini cha mfunikoni huinuka, kisha kimya. Ikiendelea kufoka pembeni, mpira wa mfuniko umekaa vibaya au umechakaa. Kipini kikiwa juu, mfuniko haupaswi kufunguka hata kidogo, na asitokee wa kuulazimisha. Jambo hili lijaribiwe siku ya kwanza kwa vikombe viwili vya maji matupu.

Maharage yasizidi nusu ya sufuria, kwani povu lake huziba tundu la mvuke. Ndiyo maana usafi hauishii kwenye sufuria ya ndani. Mpira huvuliwa na kuoshwa, maana hushika harufu ya vitunguu na viungo. Kikofia kilicho chini ya tundu hutolewa na kusuguliwa. Sehemu yenye hita haitumbukizwi majini kamwe: hufutwa kwa kitambaa, na punje ya wali ikibaki juu ya hita, sufuria hukaa upande na joto halisambai sawasawa.

Presha kuka ambayo mpira wake hauvuki kirahisi, au ambayo duka halina mpira wa akiba, isinunuliwe hata kama ina vitufe ishirini.