Tanuri mbele ya kompyuta

Kompyuta inayoongoza tanuri hupima joto kila sekunde 5, kisha hushikilia amri yake bila kuibadilisha mpaka kipimo kifuatacho. Tuseme tanuri ni G(s) = 1/(10s+1).

Kushikilia huko lazima kuingie kwenye hesabu. Kwanza gawanya kwa s: G(s)/s = 1/s − 1/(s+0.1). Kwa mageuzi ya z tunapata z/(z−1) − z/(z−0.607), kwa kuwa e^(−0.5) ni 0.607. Zidisha kwa (z−1)/z, ubaki na:

G(z) = 0.393/(z−0.607)

Weka z = 1: jibu ni 1, sawa na G(0). Wanaosahau kushikilia hupata 0.1z/(z−0.607), ambayo hutoa 0.254. Ukiona tofauti hiyo, rudia hesabu kabla hujagusa kidhibiti.