Benki Nje, Kivinjari Ndani: Jinsi ya Kugawa Njia za VPN kwenye Simu

Tumchukue mfanyabiashara wa vitenge wa Kariakoo. Yuko mgahawani, ameunganisha simu yake ya Android kwenye Wi-Fi ya bure na amewasha VPN, kwa sababu hataki mwenye Wi-Fi ajue anapita kwenye tovuti zipi anapotafuta bei za mzigo. Seva aliyoichagua iko Amsterdam. Mara mteja anapiga simu: hela nimeshakutumia, angalia. Anafungua aplikesheni ya benki na inamgomea, eti kuna hitilafu ya mtandao, ajaribu baadaye. Anazima VPN, benki inafunguka, hela anaiona. Kisha anasahau kuiwasha tena, na mchana kutwa anaperuzi wazi wazi.

Wengi wanaotumia VPN wanaijua hali hii, na wengi wameizoea hivyo hivyo: zima, washa, zima tena. Dawa yake imo ndani ya simu. Ni kuiagiza VPN ishughulike na baadhi ya aplikesheni na kuziacha nyingine zipite njia yao ya kawaida. Kwenye menyu za programu nyingi mpangilio huo umeandikwa Split tunneling.

Kwanza ni vizuri kuelewa kwa nini benki hugoma. Kila simu inapoingia intaneti huonekana kwa anwani ya IP, na anwani hiyo humwonyesha mpokeaji, kwa kukadiria, simu iko nchi gani. Ukipitia VPN, benki haioni anwani ya mtandao wako bali ya seva. Kwa hiyo mteja ambaye asubuhi alionekana Dar es Salaam, adhuhuri anaonekana Uholanzi, tena kwa anwani wanayoitumia watu wengine wengi asiowajua. Mfumo wa benki wa kunasa wezi hauna namna ya kujua kwamba ni yule yule aliyeketi Kariakoo. Sababu ya pili ni kwamba Android yenyewe huiambia aplikesheni, ikiulizwa, kama mtandao inaoutumia ni wa VPN. Zipo aplikesheni za benki zinazouliza swali hilo kabla hata ya kuonyesha mahali pa kuweka namba ya siri, na jibu likiwa ndiyo, zinafunga.

Tangu toleo la 5.0, lililotoka mwaka 2014, Android imewaruhusu watengenezaji wa VPN kutaja aplikesheni zipi ziingie na zipi zibaki nje. Inawezekana kwa sababu Android humpa kila mkaazi wa simu namba yake ya utambulisho wakati wa kusakinishwa. Benki ina yake, Chrome ina yake. Data inapotoka, mfumo hutazama ni ya namba gani, kisha huipeleka kwenye VPN au moja kwa moja kwenye Wi-Fi. Uamuzi huo haufuati anwani ya tovuti unayokwenda. Unafuata aplikesheni iliyotuma, na jambo hilo litatuhusu tena baadaye.

Je, benki ikiachwa nje haibaki hatarini kwenye Wi-Fi ya mgahawani? Aplikesheni ya benki husimba mawasiliano yake yenyewe, kutoka kwenye simu hadi kwenye seva za benki, iwe VPN imewashwa au haikuwashwa. Mwenye Wi-Fi anaweza kugundua kwamba simu fulani inaongea na benki fulani, lakini hasomi namba ya siri wala salio. Asiyetaka hata hilo lijulikane azime Wi-Fi kwa dakika mbili na atumie data ya laini yake.

Sasa kazi yenyewe. Mfano mzuri ni programu ya WireGuard, ambayo haifichi kitu. Mfanyabiashara wetu anafungua muunganisho wake, anagusa alama ya kalamu ili kuuhariri, kisha anagusa palipoandikwa All Applications. Orodha ya aplikesheni zote inatokea, na juu yake kuna sehemu mbili: Exclude na Include only. Chini ya Exclude anaweka alama kwenye benki, anahifadhi, anazima VPN na kuiwasha upya. Hatua ya mwisho isirukwe, kwani orodha hukabidhiwa kwa Android wakati VPN inapoanza. Anayepokea mipangilio yake kama faili ataona jambo lile lile limeandikwa kwa mstari mmoja, ambapo jina la kwanza hapa ni la kubuni na mahali pake hukaa jina la benki halisi:

```
[Interface]
ExcludedApplications = com.mfano.benki, org.mozilla.firefox
```

Sababu ya Firefox kuwemo itaonekana punde.

Swali linalowatatiza watu ni lipi kati ya yale mawili. Exclude inasema kila kitu kipite VPN isipokuwa hivi nilivyovitaja. Include only inasema kinyume: VPN iwe ya hivi nilivyovitaja tu, vingine vyote viende wazi. Kwa mtu anayetaka kivinjari ndani na benki nje, zote mbili zinafanya kazi siku ya kwanza. Tofauti huja siku ya kusahau. Aliyechagua Exclude, akiweka aplikesheni ya benki ya pili bila kuiongeza kwenye orodha, atajua papo hapo, kwa kuwa itamgomea. Aliyechagua Include only akaitaja Chrome peke yake, akianza kutumia kivinjari kipya, hataambiwa na mtu. Kurasa zitafunguka vizuri kabisa, huku kila tovuti ikiiona anwani yake halisi. Kosa la kwanza linapiga kelele, la pili liko kimya. Kwa sababu hiyo Exclude inafaa zaidi kwa watu wengi, na Include only imfae yule ambaye kifurushi chake ni kidogo au mtandao wake ni wa kusuasua, na kweli anataka kivinjari kimoja tu kipite VPN.

Kuna mtego mmoja unaowafanya watu waamini kwamba mpangilio mzima haufanyi kazi. Kwenye mipangilio ya VPN ya Android kuna swichi mbili: Always-on VPN, na chini yake Block connections without VPN. Hiyo ya pili hukata intaneti kwa chochote kisichopita VPN. Ni kinga nzuri, ila haijali orodha yako. Benki uliyoiweka nje inahesabika kuwa haipiti VPN, basi inakatiwa kabisa. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kivinjari kinaperuzi bila shida, lakini benki haisemi kwamba umezuiwa, inasema huna intaneti. Kwenye simu nyingi njia ya kufika hapo ni Settings, kisha Network & internet, kisha VPN, na kugusa alama ya gia kando ya jina la programu. Ukizima ile ya pili, ya kwanza unaweza kuiacha.

Kuhakikisha kwamba njia zimegawanyika ni kugumu kidogo, maana aplikesheni ya benki haikuonyeshi imetokea wapi. Hapo ndipo kivinjari cha pili kinaposaidia. Mfanyabiashara wetu ameiacha Chrome ndani ya VPN na kuiweka Firefox nje pamoja na benki. Anafungua tovuti ya ifconfig.me kwenye kila kimoja, nayo inamwonyesha anwani ya IP aliyotokea. Chrome inapaswa kuonyesha anwani ya Amsterdam, na Firefox anwani ya Wi-Fi ya mgahawa. Zikifanana na zote ni za Amsterdam, huenda hakuhifadhi au hakuanzisha VPN upya. Zikifanana na zote ni za mgahawa, VPN imekatika bila yeye kujua. Zikibadilishana, aliweka alama upande usio wake.

Firefox hiyo ya nje ina kazi kubwa kuliko majaribio. Tulisema Android hutazama aliyetuma, si anakotuma. Kwa hiyo akifungua tovuti ya benki ndani ya Chrome, safari hiyo inapita Amsterdam hata kama aplikesheni ya benki iko nje. Vivyo hivyo, kuna aplikesheni ambazo mtu akibonyeza kitu ndani yake, tuseme kuthibitisha malipo ya kadi, zinakirushia kivinjari ukurasa huo. Benki inaona mteja mmoja ameanza muamala Dar es Salaam na kuumalizia Uholanzi ndani ya sekunde chache, na muamala unakwama katikati. Kivinjari kimoja kilichotengwa kwa ajili ya benki tu, na kuwekwa nje, huondoa tatizo hilo kwa tovuti. Kwa kurasa zinazorushwa na aplikesheni, Firefox hiyo ndiyo iwe kivinjari cha kawaida cha simu, na Chrome ifunguliwe kwa makusudi mtu anapotaka kuperuzi. Akifanya hivyo akumbuke kwamba viungo atakavyobonyeza kutoka WhatsApp navyo vitafungukia Firefox, yaani nje ya VPN.

Wenye iPhone hawana orodha hii. Apple huruhusu VPN ya aplikesheni moja moja kwenye simu zinazosimamiwa na mwajiri, si kwa mteja wa kawaida. Wengine hutumia Shortcuts: wanaiagiza simu izime VPN benki inapofunguliwa na kuiwasha inapofungwa. Inasaidia, ila muda wote benki ikiwa wazi kivinjari nacho kiko nje. Na VPN iliyowekwa kujiwasha yenyewe itarudi hata ikizimwa namna hiyo.

Kwa msomaji wa Tanzania kuna upande wa sheria pia. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka wanaohitaji VPN katika shughuli zao waisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kuiweka benki nje hakuigeuzi VPN iliyobaki kuwa kitu kingine mbele ya kanuni hizo.

Hata baada ya yote haya zitabaki aplikesheni chache zisizoridhika. Aplikesheni iliyo nje haipiti VPN, lakini bado inaweza kuangalia orodha ya miunganisho ya simu, na VPN ikiwa hai huwa humo, mara nyingi kwa jina la tun0. Mtengenezaji aliyeamua kukataa simu yoyote yenye VPN hai atakataa hata kama data yake haikuigusa. Mtu ataligundua hilo akiona kwamba vivinjari viwili vimetoa anwani tofauti kama inavyotakiwa, swichi ya kukata iko chini, na bado benki hiyo moja inafunguka pale tu VPN inapozimwa. Hapo orodha haitasaidia. Kwa kuangalia salio au kuhamisha hela haraka, kilichobaki ni menyu ya simu kama *150*00# ya M-Pesa ya Vodacom, au ile ya benki yenyewe, ambayo hupita kwenye mtandao wa laini bila kugusa intaneti, huku VPN ikiendelea kuwaka.